Mbio za vijiti: namna ya kutazama eneo la kupokezana na njia za wakimbiaji

Watu wa kanda ya kati tunazijua mbio ndefu. Alphonce Simbu wa Singida alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025, hata asiyefuatilia riadha alielewa kilichotokea: aliyetangulia kufika ndiye mshindi. Mbio za vijiti haziko hivyo. Timu inaweza kufika ya kwanza, ikashangiliwa na uwanja mzima, halafu jina lake lisisomwe kabisa kwenye matokeo. Aliyekuja uwanjani mara ya kwanza, labda kwa sababu mtoto wake yuko kwenye timu ya wilaya ya UMISSETA au UMITASHUMTA, anaondoka akiamini ameona dhuluma.

Mara nyingi si dhuluma. Jambo limetokea kwenye kipande kifupi cha uwanja ambacho hakuna aliyemwambia akitazame. Mwongozo huu unahusu kipande hicho. Nitakaa zaidi kwenye 4 x 100, yaani wakimbiaji wanne, kila mmoja takriban mita 100, kwa sababu hapo ndipo timu nyingi huharibikiwa. Mwishoni nitaeleza 4 x 400 inatofautiana wapi.

Kwanza, chagua pa kukaa

Watazamaji wengi hukimbilia karibu na mstari wa kumalizia. Kwa mbio za vijiti hapo utaona mwisho tu. Kwenye 4 x 100 kijiti hubadilisha mikono mara tatu: kwanza pale kona ya kwanza inapoisha, mara ya pili kule upande wa mbali ambako mnyoofu wa nyuma unaingia kona ya pili, na mara ya tatu pale kona ya pili inapoisha, kabla ya mnyoofu wa mwisho. Ukipata nafasi moja tu, kaa upande wa kumalizia lakini usogee kuelekea kona ya mwisho. Utayaona vizuri makabidhiano ya tatu, ambayo ndiyo huamua mengi, na mbio zitamalizikia mbele yako.

Wakimbiaji huzunguka mkono wa kushoto ukiwa ndani. Kwa hiyo njia ya kwanza ndiyo iliyo ndani kabisa, karibu na uwanja wa mpira, na ya nane, au ya sita kwenye viwanja vingi vya shule, iko nje upande wako.

Fika mapema uone mistari ikiwa bado mipya. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma ukianza kuvuma saa tano hivi, chokaa huchanganyika na vumbi, na kufikia mchana mistari ya kona haionekani tena kutoka jukwaani. Ukishajua kila eneo la kupokezana liko wapi, utalifuata hata likifutika nusu.

Pili, uelewe kwa nini hawaanzi pamoja

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa pembeni mwa uwanja hutoka kwa wazazi. Mama mmoja kutoka Mpwapwa alinivuta mkono wakati wakimbiaji wameshachuchumaa.

"Mwalimu, mbona yule wa nje wamemweka mbele hivyo? Si ameshashinda huyo?"

"Hapana, mama. Njia yake inazunguka kona kwa nje, ni ndefu. Wamemsogeza mbele ili umbali ulingane na wenzake."

"Sasa nitajuaje nani anaongoza?"

Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ndilo ufunguo wa kutazama mbio hizi.

Njia moja ina upana wa mita 1.22. Kwenye uwanja wa kawaida wa mita 400 wenye njia nane, aliye njia ya nane huanza mita 53 mbele ya aliye njia ya kwanza, na kwa kuwa 4 x 100 yote hukimbiwa ndani ya njia, nafasi hiyo hupungua kidogo kidogo kila wanapozunguka kona. Wakifika kwenye makabidhiano ya kwanza, timu ya njia ya nane inapaswa bado kuonekana mbele kwa karibu mita 30. Kwenye makabidhiano ya pili ni kama mita 26. Kwenye ya tatu nafasi iliyobaki ni mita tatu na nusu hivi, na wakishaingia mnyoofu wa mwisho imekwisha.

Kwa hiyo usimshangilie wa nje eti yuko mbele, wala usimhurumie wa ndani eti ameachwa. Pima kila timu kwa eneo lake yenyewe. Maeneo ya kupokezana nayo yamepishana kama mistari ya kuanzia: la njia ya kwanza liko nyuma, la pili limesogea mbele kidogo, na kuendelea hivyo hadi nje. Timu ambayo kijiti chake kinaingia kwenye eneo lake kabla ya wengine kuingia kwenye maeneo yao, hiyo ndiyo inayoongoza, hata kama kwa macho iko nyuma. Chagua timu mbili tu na uziangalie hivyo. Ukijaribu zote nane hutaona kitu.

Tatu, litambue eneo lenyewe

Eneo la kupokezana la 4 x 100 lina urefu wa mita 30. Katikati yake, au tuseme si katikati hasa, kuna alama ya mwisho wa umbali wa mkimbiaji anayekuja: mita 20 za eneo ziko kabla ya alama hiyo na mita 10 ziko baada yake. Waliosoma shule zamani watakumbuka eneo la mita 20, likitanguliwa na mita 10 za mpokeaji kuanzia kukimbia bila ruhusa ya kupokea humo. Tangu mwishoni mwa 2017 kanuni ya dunia iliunganisha vipande hivyo viwili. Sasa mpokeaji anaanza kukimbia ndani ya mita hizo 30 na anapokea ndani ya mita hizo hizo. Haruhusiwi kuanzia nje.

Sasa sikiliza kanuni inayozaa ugomvi wote: kinachotazamwa ni kijiti, si miguu wala mwili wa mtu. Mpokeaji anaweza kuwa ameshauvuka mstari wa mwisho kwa mguu wa mbele, lakini mkono wake uko nyuma na kijiti bado kiko ndani. Hapo ni halali. Anaweza pia kuwa miguu yote miwili iko ndani, kumbe kijiti kiko nje. Hapo si halali.

Na makabidhiano yana mwanzo na mwisho. Yanaanza pale mpokeaji anapokigusa kijiti kwa mara ya kwanza, na yanakamilika pale kijiti kinapokuwa mkononi mwake peke yake. Mambo yote mawili lazima yatokee kijiti kikiwa ndani ya eneo. Watu hukumbuka mwisho tu, yaani kijiti kisipite mstari wa mbele kabla hakijaachiwa. Mwanzo wanausahau, ingawa nao unaondoa timu.

Mfano wake ulionekana na dunia nzima. Kwenye fainali ya wanaume ya 4 x 100 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Marekani walimaliza wa tatu na wakaanza kushangilia wakiwa na bendera yao. Kisha wakaondolewa. Katika makabidhiano ya kwanza, Justin Gatlin alikigusa kijiti alicholetewa na Mike Rodgers kabla kijiti hakijaingia kwenye eneo. Hakikudondoka na hakuna aliyezuiwa. Waliwahi tu. Shaba ikaenda kwa Kanada.

Kutoka jukwaani, kosa la kuwahi hulioni kwa kumtazama mpokeaji. Weka macho kwenye mstari wa nyuma wa eneo, usubiri kijiti kikujie hapo. Kosa la kuchelewa ni kinyume chake, macho yawe kwenye mstari wa mbele. Kwa kuwa macho huwezi kuyaweka pote, ufanye hivi: mpokeaji akianza kukimbia mapema na kwa nguvu, peleka macho mstari wa mbele, kwa sababu hatari ni kuchelewa. Akisitasita au akiwa bado anatazama nyuma wakati mwenzake amefika, baki mstari wa nyuma.

Nne, tafuta alama ya mpokeaji

Ukiangalia vizuri kabla ya mbio utawaona wapokeaji wakitembea kinyumenyume cha njia zao, mguu kwa mguu, kisigino kikigusa vidole, huku wakihesabu. Wanaweka alama. Kwenye uwanja ambao njia zake zimetandikwa mpira maalumu kila mmoja anaruhusiwa kubandika utepe mmoja ndani ya njia yake, usiozidi sentimita 5 kwa 40. Kwenye uwanja wa udongo au nyasi, kama vilivyo vingi huku kwetu, anaruhusiwa kukwaruza ardhi badala yake. Alama ni moja tu, na kuitia kwenye njia ya mwenzake ni kosa.

Kazi ya alama hiyo ni kumwambia mpokeaji lini aondoke. Mwenzake akiikanyaga alama, yeye anageuka mbele na kukimbia bila kutazama nyuma tena. Mkono anautoa akisikia sauti, timu nyingi husema "shika!" au "chukua!", nao mtoaji hukiweka kijiti kwenye kiganja.

Tuchukue mfano na tuupigie hesabu, maana ukiielewa utaona kosa linavyokuja kabla halijatokea. Tuseme timu ya Kongwa iko njia ya tatu. Mtoaji anakuja kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde. Mpokeaji amesimama mwanzoni mwa eneo, na akiondoka kwa kusimama hutumia sekunde 3.2 kukimbia mita 20. Wanataka kijiti kipite pale kwenye mita 20, ambako mpokeaji ameshapata kasi na bado zimebaki mita 10 za akiba. Mikono miwili ikinyooshwa, mtoaji anaweza kuwa nyuma yake kwa mita moja. Maana yake, ndani ya sekunde hizo 3.2 mtoaji afike mita ya 19. Kwa kasi yake atakimbia mita 28.8. Toa 19, zinabaki 9.8. Kwa hiyo alama iwekwe mita 9.8 nyuma ya mpokeaji, ambazo kwa kiatu cha sentimita 28 ni nyayo 35.

Asubuhi wamefanya mazoezi, imekaa sawa. Mchana mtoaji amechoka, au kuna upepo wa mbele kwenye mnyoofu wa nyuma, na sasa anakuja kwa mita 8.5 kwa sekunde. Tofauti inaonekana ndogo mno. Lakini mpokeaji hajui, anaondoka mwenzake alipokanyaga alama kama kawaida. Baada ya sekunde 3.2 mpokeaji yuko mita ya 20, na mtoaji badala ya kufika mita ya 19 yuko mita ya 17.4. Kuna pengo la mita 1.6 ambalo mkono hauwezi kulifikia. Mpokeaji ana mita 10 tu mbele yake, na kwa kasi aliyokwisha kuipata atazimaliza kwa zaidi kidogo ya sekunde moja. Wakati huo naye anazidi kuongeza kasi, huku mwenzake akipungua.

Hapo ndipo utamsikia mwalimu wao akipiga kelele kando ya uwanja: "Punguza! Punguza!" Njia pekee ni mpokeaji kufunga breki. Ukiona mpokeaji ametoa mkono nyuma, mkono unapapasa hewani, bega limegeuka na hatua zimefupika, ujue timu hiyo imeshapoteza muda, na jicho lako lihamie mara moja kwenye mstari wa mbele. Kijiti kitaupita au hakitaupita.

Kinyume chake pia hutokea. Alama ikiwekwa karibu mno, tuseme nyayo 25, mtoaji anamfikia mpokeaji akiwa bado hajapata kasi, wanakumbana kifua na mgongo, na wakati mwingine mguu wa nyuma unakanyaga kisigino cha mbele. Kijiti kinapita kihalali kabisa, ila timu imetoka kwenye kasi ya mita 9 hadi kama mita 6. Watazamaji wengi hupiga makofi kwa sababu kijiti hakikudondoka. Mimi hayo siyahesabu kuwa makabidhiano mazuri. Mazuri ni yale ambayo, ukifumba macho ukayafumbua, huoni kasi ya kijiti ikibadilika.

Japani walilithibitisha hilo Rio mwaka ule ule wa 2016. Wakati huo hakuna hata mmoja wa wanne wao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10, lakini walipata medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika peke yao. Wao hupokezana kwa chini, kijiti kikipanda kutoka kiunoni kwenda kiganjani, tofauti na timu nyingi zinazokishusha kutoka juu au kukisukuma mbele.

Jambo jingine la kutazama ni mkono upi. Kwa kawaida wa kwanza hushika kwa kulia, wa pili hupokea kwa kushoto, wa tatu kwa kulia, wa nne kwa kushoto, na hakuna anayehamisha kijiti mkono kwa mkono. Wa kwanza na wa tatu ndio wanaokimbia kona. Kijiti kikiwa kulia, mkimbiaji wa kona hubana upande wa ndani wa njia yake na kufupisha umbali, huku mpokeaji amesimama upande wa nje wa njia ile ile. Hawakanyagani ingawa njia ni ya mita 1.22 tu. Ukiona wawili wamesimama mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, mara nyingi mmoja wao amesahau upande wake.

Tano, ujue sheria za njia

Sheria za njia zina maana moja: usifupishe umbali wako na usimzuie mwenzako. Ukilishika hilo, mengine yanaeleweka yenyewe.

Kwenye kona, mstari unaotazamwa ni wa kushoto, wa ndani, kwa sababu kuukanyaga ni kupunguza njia. Kwa kanuni za sasa za dunia, mkimbiaji akiugusa mara moja tu haondolewi, lakini akiugusa tena, au akiweka mguu wote ng'ambo yake, anaondolewa. Zamani hata mguso mmoja haukusamehewa sawasawa, na ndiyo maana utawasikia baadhi ya walimu wakibishana. Kwenye mnyoofu, kutoka nje ya njia si kosa ikiwa hujapata faida yoyote wala hujamgusa au kumzuia mtu. Vivyo hivyo kuukanyaga mstari wa kulia kwenye kona: umeongeza umbali wako mwenyewe, hujamdhulumu mtu, mradi aliye njia hiyo hukumsumbua.

Kwenye vijiti, kosa la njia hutokea zaidi kwa mtu aliyekwisha maliza kazi yake. Mtoaji amekabidhi, amechoka, anajitupa pembeni, na kumbe timu ya njia jirani inakuja nyuma kwa kasi. Kwa sababu maeneo yamepishana, njia ya jirani yako inaweza kuwa bado haijafika kwenye makabidhiano yake. Ndiyo maana aliyefundishwa vizuri utamwona anapunguza mwendo akiwa ndani ya njia yake, anasimama, anatazama kulia na kushoto, na kutoka wote wakishapita. Akimzuia mwingine, timu yake inaondolewa, hata kama yeye alishakikabidhi kijiti bila kasoro.

Aliyezuiwa naye ana haki. Rio hiyo hiyo, kwenye mchujo wa wanawake, Allyson Felix wa Marekani aligongwa na mkimbiaji wa Brazili akiwa anajiandaa kumpa kijiti English Gardner, na kijiti kikaanguka. Marekani walikata rufaa. Brazili wakaondolewa, na Marekani wakaruhusiwa kurudia mbio wakiwa peke yao uwanjani, saa ikiwa ndiyo mpinzani. Wakatumia sekunde 41.77, wakaingia fainali, China ikapoteza nafasi, na kwenye fainali wakatwaa dhahabu kwa 41.01.

Kijiti kikianguka

Uwanja mzima hupiga yowe na wengi huamini mbio za timu hiyo zimekwisha. Hazijaisha. Kijiti kikianguka kinaweza kuokotwa, na anayekiokota lazima awe yule aliyekidondosha. Kikianguka katikati ya makabidhiano, kabla mpokeaji hajakishika peke yake, kinahesabiwa bado ni cha mtoaji na yeye ndiye akiokote. Hili huwaponza vijana wengi: mpokeaji, kwa kuwa yuko mbele na kijiti kimeviringika miguuni pake, anainama na kukichukua. Anakimbia vizuri, anafika, na timu imeondolewa.

Anayeokota anaweza kutoka kwenye njia yake kukifuata, ila asimzuie mtu na asifupishe umbali. Kikiruka kwenda mbele au pembeni, akishakiokota anarudi pale kilipokuwa mkononi kwa mara ya mwisho, ndipo aendelee. Kwa hiyo ukimwona kijana anakimbia kinyumenyume na kijiti mkononi usimcheke. Anajua kanuni.

Kijiti chenyewe ni bomba la mviringo lenye uwazi ndani, urefu wa sentimita 28 hadi 30, uzito usiopungua gramu 50. Glavu haziruhusiwi, wala kujipaka mkononi kitu cha kunata.

4 x 400 inabadilika wapi

Hapa kasi ni ndogo na uchovu ni mkubwa, kwa hiyo mpokeaji haondoki kipofu. Anamtazama mwenzake anavyokuja, anapima nguvu iliyobaki, kisha ndipo anaondoka. Eneo la kupokezana ni mita 20, kumi kabla ya mstari na kumi baada yake. Kanuni ya kijiti ni ile ile.

Kinachowachanganya watazamaji ni njia. Mkimbiaji wa kwanza hukaa kwenye njia yake mzunguko wote. Wa pili hukaa kwenye njia yake kona moja tu, hadi mstari wa kijani uliopindwa kukatiza njia zote mwanzoni mwa mnyoofu wa nyuma, ambao kwa kawaida huwekewa vikoni vidogo. Akishaupita anaruhusiwa kuingia ndani. Kabla ya hapo, kuingia ndani ni kosa. Kwenye uwanja wa chokaa mstari huo huweza kuwa mweupe kama mingine, basi tafuta vikoni. Pale ndipo kwa mara ya kwanza utajua kwa macho nani anaongoza hasa.

Makabidhiano ya pili na ya tatu hayana njia tena. Wapokeaji wote wanakusanyika karibu na mstari wa kumalizia, na waamuzi wanawapanga kutoka ndani kwenda nje kwa mpangilio wa timu zao zilivyo wakati wa kupita alama ya mita 200, yaani nusu ya mzunguko. Tuseme hapo Kondoa ni wa kwanza, Bahi wa pili, Chamwino wa tatu. Mpokeaji wa Kondoa anasimama ndani kabisa, wa Bahi anafuata, kisha wa Chamwino. Kwenye mita 200 zilizobaki Chamwino anawapita wote wawili. Mpokeaji wake haruhusiwi kuhamia ndani. Anabaki pale pale alipopangwa, na mwenzake ndiye atakayelazimika kutoka nje kumfuata. Mzazi wa Chamwino akiona hivyo hudhani mtoto wake ameonewa, kumbe mpangilio ungebadilishwa kila anayepitwa wangevurugana wote.

Msongamano huo ndio unaoangusha watu. Tazama viwiko, na utazame waliokwisha kabidhi, maana hapo pia wanatakiwa kubaki walipo hadi wapitwe.

Mbio zikiisha, usiangalie waliofika tu

Kwenye kila eneo la kupokezana kuna waamuzi. Akiona kosa, mwamuzi huinua bendera ya njano na kuandika alichoona: njia ipi, makabidhiano yapi, kosa gani. Hamwondoi mtu yeye mwenyewe. Taarifa inapelekwa kwa mwamuzi mkuu wa mbio, naye ndiye anayeamua. Kwa hiyo mara tu kijiti cha mwisho kinapovuka mstari wa kumalizia, geuza kichwa utazame maeneo yote matatu ya kupokezana. Bendera ya njano ikiwa juu, matokeo yatachelewa na timu moja huenda ikakosekana.

Matokeo yakitangazwa, timu isiyoridhika ina dakika 30 za kulalamika, kwa kawaida kwa mdomo kwanza kwa mwamuzi mkuu, na anayelalamika ni mwanariadha mwenyewe au anayemwakilisha. Mzazi aliye jukwaani hawezi. Lakini mzazi aliyeona vizuri anaweza kwenda kwa mwalimu wa timu na kumweleza jambo la kufuatilia: makabidhiano ya ngapi, njia ya ngapi, kijiti kilikuwa upande gani wa mstari na nani alikuwa amekishika wakati huo.